Binti wa Kiwandani na Mimi

Kwa watu wa kwetu, mimi nilikufa nikiwa kidato cha tatu. Habari ya kifo changu ililetwa na dereva wa lori la pamba, mtu wa kijiji chetu, aliyepita karibu na shule yetu ya bweni akakuta wasichana wanalia getini. Homa ya uti wa mgongo ilikuwa imeingia bwenini. Wawili tulikuwa tumelazwa hospitali ya misheni, hatujitambui, na tulifanana majina, yetu na ya baba zetu. Mwenzangu alifariki. Daktari akaamuru azikwe palepale kwa kuhofia ugonjwa usisambae. Dereva alisikia jina, akalibeba hadi nyumbani.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Masumbwe, na kilikuwa kipya. Watu walihamishiwa pale miaka ile ya sabini, kila familia imetoka kwao, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, na jirani yako ni mtu ambaye hujui bibi yake alikuwa nani. Walikaa matanga bila maiti. Baba alinyoa nywele. Nguo zangu waligawiwa binamu zangu. Mwalimu mkuu wa shule alidhani hospitali imewaandikia wazazi, na hospitali ilidhani shule imeandika. Hakuna aliyeandika.

Mimi nilizinduka siku moja mchana, nikaona dari jeupe, na sikujua ni dari la wapi. Miaka miwili ya karibuni ilikuwa imefutika kabisa. Iliyotangulia ilikuwa imetobokatoboka kama nguo iliyoliwa na mende: huku kuna kitu, huku hakuna. Upande mmoja wa uso wangu ulikuwa umelegea. Maneno yalitoka moja moja, polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Nikicheka, uso haukucheka. Nikilia, machozi yalitoka jicho moja.

Nilipoweza kutembea, sista mmoja wa hospitali ile alinirudisha nyumbani kwa Landrova ya parokia. Tuliposimama, binamu yangu alikuwa anafagia uwanja, amevaa gauni langu la bluu. Aliniangalia, akalaza ufagio chini taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha kitu, akaingia ndani bila kugeuza mgongo. Kisha mama akatoka. Alishika fremu ya mlango, hakuiachia.

"Mama, nimekuletea mwanao," sista akasema. "Aliumwa sana, lakini amepona."

"Sista," mama akajibu, "mwanangu tumeshamlilia."

Ilichukua muda kabla hajanisogelea. Alinishika kiganja kwanza, kisha kiwiko, akapandisha hadi begani kama mtu anayepima unga gizani. Alipofika shingoni, akaangua kilio. Sista akaeleza yote, mkosi wa majina, mwenzangu aliyezikwa. Mama alimwelewa. Baba alimwelewa. Lakini sista alipoondoka, maelezo yake aliondoka nayo, na kijiji kikabaki na kile kilichoonekana kwa macho: msichana aliyeliliwa amerudi, amenyolewa kipara, uso umelegea, anazungumza kama redio inayoishiwa betri.

Kila mtu kwetu alijua jina la kitu cha namna hiyo. Ni msukule. Mchawi anamchukua mtu, anawaachia ndugu kitu cha kuzika, na yule mwenyewe anamweka mafichoni amlimie. Msukule hana kumbukumbu, hana utashi, ulimi wake umekatwa, analishwa pumba, anatumwa na anakwenda. Na akionekana msukule, swali linalofuata si nani huyu. Swali ni nani aliyemfanya.

Macho yakamgeukia bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa mjane, alikuwa na ulimi mkali, na macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia mavi ya ng'ombe huko tulikotoka, ambako kuni zilikuwa shida. Aliyesema la kwanza alikuwa mama mkubwa, mke wa kaka yake baba. Mwaka uliotangulia alikuwa amezika mtoto mchanga, na tangu hapo alikuwa anatafuta wa kumlaumu. Simchukii ninapoandika haya. Ila neno lake lilikimbia. Katika kijiji cha jirani, vikongwe wawili wenye macho kama ya bibi walikuwa wamekatwa mapanga mchana kweupe, kila mmoja kwenye shamba lake. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema ameona.

Ndivyo nilivyoelewa, hata kwa kichwa changu kile kizito, kwamba maisha ya bibi yalining'inia kwangu. Nikiwa mtu, bibi ni bibi tu. Nisipokuwa mtu, bibi ni mchawi.

*

Parokiani kwetu alikuwako sista mwingine, Mwafrika, mwalimu wa katekisimu. Alisema ubongo ni kama mguu uliovunjika, ukilazwa unasinyaa. Akanipa boksi la vitabu vya Kiingereza lililoachwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyekuwa amerudi kwao ng'ambo. Yeye mwenyewe hakuvisoma. Aliona vina majalada ya rangi, akadhani ni vya watoto.

Vilikuwa vitabu vya maroboti.

Nilisoma polepole, kidole chini ya mstari, na kamusi pembeni. Utangulizi wa kitabu kimoja ulieleza kwamba neno roboti limetoka katika lugha moja ya Ulaya, na maana yake ya zamani ni kazi ya shuruti, ile ambayo mtumwa humfanyia bwana. Nilisoma sentensi hiyo nikasikia baridi mgongoni, ingawa lilikuwa jua la saa saba. Kumbe huko nako wanaye. Wamemtengeneza kwa chuma na nyaya badala ya dawa, lakini ni yuleyule: anayetumwa na anakwenda.

Tofauti ilikuwa moja. Msukule wa kwetu hana anachotaka. Hawa wa vitabuni walitaka. Kila hadithi ilikuwa na mmoja ambaye siku moja anasimama katikati ya kazi na kutaka kitu ambacho hakuna aliyemfundisha kukitaka. Kulikuwa na wa mgodini, lijitu la chuma lenye taa kifuani, lililoomba siku ya kupumzika. Wakaliuliza utapumzikaje nawe huchoki. Likajibu kwamba halitaki kupumzika kwa kuchoka, linataka kujua likikaa bure litawaza nini. Wenye mgodi walicheka, kisha wakaogopa, kisha wakalifungua kifua kutafuta hitilafu. Hawakuona. Kila waya ulikuwa mahali pake. Mwandishi hakusema kama hiyo ilimaanisha kwamba mle ndani hamna mtu, au kwamba mtu si kitu cha kuonekana ukifungua kifua. Aliacha hivyohivyo, lijitu limelala, kifua wazi.

Lakini iliyonitia homa ilikuwa nyingine, ndefu kuliko zote. Wazazi wawili wamefiwa na binti yao. Wanaenda kiwandani wanaagiza binti mwingine, mwenye chuma ndani na ngozi ya mpira laini juu, mwenye joto, mwenye kupumua hata kama pumzi hazina kazi. Kumbukumbu wanazirekodi wazazi wenyewe. Wanakaa siku nyingi mbele ya mashine wakisimulia kila wanachokumbuka juu ya marehemu, alivyoanguka kisimani, alivyoogopa mbwa, wimbo alioupenda, na mashine inaviweka kwenye utepe, utepe unaingizwa kichwani mwa yule mpya. Kisha wanamwamsha. Wanamwambia, ulikuwa mgonjwa, sasa umepona.

Niliposoma maneno hayo nilifunga kitabu nikakiweka chini ya kapu la mihogo.

Nilikirudia, sikuweza kukiacha. Yule binti hajui. Anaishi, anasaidia kazi, anajiona mtu. Anaanza kushtuka kwa jambo dogo: anapokumbuka utoto wake, anajiona. Anaona mtoto mwenye gauni la njano akianguka kisimani. Anamwona kwa juu, kwa mbali kidogo, kutoka pale alipokuwa amesimama mama. Haoni maji yakimjia usoni. Hana hata kumbukumbu moja inayotazama kutoka ndani ya macho yake mwenyewe. Zote zinamtazama yeye.

Nilikaa nyuma ya nyumba nikajaribu. Komunyo yangu ya kwanza. Niliiona: mtoto mwenye gauni jeupe, shela imekaa upande, mshumaa umeshikwa kwa mikono miwili. Nilimwona kwa mbele. Nilimwona kama watu waliokaa kwenye mabenchi walivyomwona. Nikajaribu siku ya kwanza ya shule. Nikaona mtoto anavuka mto, kabebwa mgongoni na baba, na mimi niko ng'ambo nawatazama. Mama ndiye aliyenisimulia hayo yote. Tangu niliporudi, kila jioni alikaa nami akinieleza mimi ni nani, ili nipone haraka. Alisimulia, nami niliweka.

Sitaweza kuieleza hofu ile vizuri. Hofu ya nyoka ina mahali pa kukimbilia. Hii ilikuwa ndani, na kila nilipoitafuta nilikuwa natumia kilekile nilichokitilia shaka. Nilijibana mkono hadi ukachubuka. Niliumia. Lakini binti wa kiwandani naye aliumia. Walimwekea maumivu ili asijiharibu. Nililia. Naye alilia. Nilisali, nikamwambia Mungu kama mimi ndiye yule aliyebatizwa nipe alama, kisha nikaogopa zaidi, kwa sababu nilianza kujiuliza kama kitu kisichobatizwa kinaweza kusikilizwa.

Leo najua watu wengi hujiona kwa nje wanapokumbuka mambo ya zamani. Nimewauliza wengi. Wakati ule hakukuwa na wa kumuuliza.

*

Nilimweleza bibi.

Ilikuwa mchana, tunachambua pamba kibarazani kwake. Watu walikuwa wameacha kupita mbele ya nyumba yake, walizungukia nyuma. Nilimsimulia hadithi yote ya yule binti, Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika, kwa sauti yangu ile ya redio mbovu. Alisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Huyo wa kiwandani," akauliza, "walimlisha?"

"Walimpa chakula, bibi. Alikula. Hakukihitaji, lakini alikula nao."

"Alikuwa akiogopa mbwa, kama yule wa kwanza?"

"Mwanzoni. Baadaye akaacha kuogopa mbwa. Akaanza kuogopa kuzimwa."

"Yule wa kwanza wamemzika wapi?"

Nilifikiri kidogo. "Makaburini. Huyu wa pili siku moja anakwenda, anasoma jina lake kwenye jiwe."

Bibi alitoa mbegu kwenye pamba, akaitupa. "Basi hao wana watoto wawili," akasema. "Mmoja amekufa, mmoja yupo. Kosa lao ni kumpa huyu jina la mwenzake."

Kisha nikamuuliza nililotaka kumuuliza tangu mwanzo. "Na mimi, bibi? Mimi ni wa ngapi?"

Nilipomtazama niliona anatupa pamba na kubakiza mbegu, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa, na haogopi watu wa nje tu.

"Ulipokuja," akasema, "ulikuwa ukilala pale mkekani mchana, nilikufungua mdomo nikaangalia ulimi. Nisikufiche. Niliangalia mara nyingi."

"Ukaona nini?"

"Niliona ulimi. Lakini moyo haukutulia. Nilisema labda wamejifunza kuuacha."

Hata yeye. Mtu pekee aliyejua kwa hakika kwamba hakuniroga, naye alikuwa hana hakika kama sikurogwa. Nilitaka kuondoka, sikuondoka. Tuliendelea kuchambua pamba, wawili wenye hofu ileile, kila mmoja akimwogopa mwenzake na akimwogopea.

Baada ya muda akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, sikia. Sijui kama ndiye wewe uliyekwenda shule. Huyu aliyekaa hapa ameniuliza swali, na ameliuliza kwa uchungu. Nitamjibu huyu."

Lakini jibu lenyewe hakulitoa siku hiyo.

*

Kikao kiliitwa uwanja wa ghala la pamba. Baba mkubwa ndiye aliyekiendesha, kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema afadhali jambo lisemwe mchana mbele ya watu kuliko vijana walimalize wenyewe, na alikuwa na haki ya kuhofia hivyo, maana vijana walikuwa wamesimama nyuma, na baadhi walikuja na mapanga kana kwamba wanatoka shamba. Bibi alikaa chini peke yake. Mimi nilipewa kigoda katikati.

Katika kile kitabu palikuwa na kikao kama hiki. Watu wa serikali wanaitwa kuamua kama binti wa kiwandani ni mtu au ni mali. Akiwa mali, kuna sheria inayokataza mali kuvaa jina la mtu, na itabidi arudishwe kiwandani akafunguliwe. Wanamuuliza maswali ya kumbukumbu, anajibu yote sawasawa, na majibu yake yanamuumiza, kwa sababu wanasema bila shaka, ndivyo ulivyorekodiwa. Wakamuuliza unaogopa? Akasema naogopa. Wakasema hofu hiyo uliwekewa na fundi. Akawauliza, na yenu mliwekewa na nani? Waliandika tu kwamba imeuliza. Waliandika "imeuliza," si "ameuliza." Mwisho wa hadithi hawakuafikiana, na binti akaomba kitu kimoja tu, apewe jina lake mwenyewe, la marehemu alirudishe. Hadithi inaishia hapo, kabla hawajamwambia ndiyo au hapana.

Nilikuwa nayawaza hayo nilipokaa kwenye kigoda. Nadhani ndiyo sababu nilijibu vibaya.

"Mwalimu wako wa darasa la kwanza aliitwa nani?" baba mkubwa akauliza.

Nilimtaja. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama yake amemwambia." Na ni kweli alikuwa ameniambia.

"Ng'ombe wetu aliyevunjika pembe, alivunjikaje?"

"Sijui."

"Ulikuwepo. Ulilia siku nzima."

"Sikumbuki, baba mkubwa."

Watu wakanong'ona. Nikijua, nimerekodiwa. Nisipojua, sina kumbukumbu kama msukule. Niliona kwamba hakuna jibu la kunitoa, na kila niliposhindwa, wale vijana walimtazama bibi, hawakunitazama mimi. Moyo ulikuwa unapiga hadi naona ukungu. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kuanguka chini nimshike baba mkubwa miguu. Lakini uso wangu ulikuwa uleule. Mdomo umelala upande, macho hayapepesi vizuri, mikono imetulia magotini kwa sababu ilikuwa imekufa ganzi.

Baba mkubwa aliinama akanitazama kwa karibu. Akasema, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kweli kujua, "Mbona huogopi? Mama yako analia, bibi yako anatetemeka. Mtu wa kawaida angeogopa. Wewe umekaa kama gogo."

"Naogopa," nikasema.

Sauti ilitoka tambarare. Hata mimi niliisikia. Ilikuwa sauti ya kitu kilichoambiwa kiseme hivyo. Nyuma, kijana mmoja akacheka, na mwingine akasogea mbele.

Sijui hofu inaweza kumfikisha mtu wapi zaidi ya pale. Nilikuwa naungua ndani, na hapakuwa na mlango hata mmoja wa kuitoa nje ionekane. Niliwaza yule wa mgodini, kifua wazi, watu wakichungulia, kila waya mahali pake. Nikajua hata wakinipasua hawataiona.

Kisha nikajikojolea. Sikuhisi ilipoanza. Nilihisi joto kwenye mapaja, nikaona kigoda kinadondosha, na udongo chini unabadilika rangi. Nilikuwa msichana mkubwa, mbele ya wanaume wa ukoo mzima. Nikajaribu kuficha kwa sketi, nikakunja magoti, nikainamisha kichwa nisionwe, na jicho langu moja likaanza kutoa machozi.

Aliyesimama alikuwa mama mkubwa. Yule aliyeanzisha neno. Alipita katikati ya wanaume, akafungua kitenge alichovaa juu ya gauni, akanizungushia kiunoni, akakaza. Mikono yake haikuwa na upole. Lakini alisimama mbele yangu, kati yangu na watu.

"Huyu anaogopa," akasema. "Na ameona haya. Hamwoni anavyojificha? Geuzeni macho."

"Hilo halithibitishi," baba mkubwa akasema.

"Sijasema limethibitisha," mkewe akamjibu. "Nimesema mgeuze macho. Mnamtisha mtoto."

Wanawake wengine wakainuka. Hawakubishana na mtu. Walinizunguka tu, wakaninyanyua, mmoja akamshika bibi mkono, tukaondoka pale kama kundi linalotoka kisimani. Wanaume walibaki uwanjani wakizungumza. Hakuna aliyetufuata.

*

Haikuishia kwa watu kuamini. Baba mkubwa alisema mganga aletwe kutoka upande wa Mhunze, apasue kuku asome matumbo, ndipo iamuliwe. Mama mkubwa aliendelea kumwogopa bibi, na nadhani aliendelea kuniogopa mimi pia. Alipoleta uji asubuhi iliyofuata, aliuweka mlangoni, hakuingia. Kitenge hakukidai.

Baba hakumsubiri mganga. Alikwenda kwa paroko, na Landrova ileile ikatuchukua, mimi na bibi, kutupeleka Geita kwa shangazi, ambaye aliolewa huko na alikuwa anawapikia chakula wachimbaji. Mama alinifungia nguo. Alipomaliza alinishika uso kwa mikono miwili, upande mzima na upande uliolegea, akasema, "Nilikufundisha yote niliyokumbuka. Kama kuna niliyosahau, nisamehe." Nimeyawaza sana maneno hayo. Nadhani naye alikuwa na hofu yake, kwamba amenijenga pungufu.

Geita ya wakati ule haikuuliza mtu ametoka wapi. Wachimbaji walikuwa wametoka kila pembe ya nchi, Wakristo na Waislamu, wengi wametumia majina ambayo hayakuwa ya kwao, wengine wamepotea kwao wakaliliwa kama mimi. Kulikuwa na mzee aliyesaga mawe karibu na kibanda cha shangazi, uso wote umejaa vumbi jeupe, hazungumzi siku nzima, anainua nyundo na kushusha. Wiki za kwanza sikuweza kupita mbele yake. Nilidhani nimejiona. Siku moja bibi akampelekea ugali na mlenda, akamsalimu. Mzee akaacha nyundo, akafuta mikono, akaitikia kwa Kisukuma cha kwetu kabisa, na kumbe alikuwa mwimbaji mzuri wa ngoma za zamani. Bibi alirudi akicheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nirudi.

Uso wangu ulinyooka kidogo kidogo, haukumaliza. Nilipata kazi ya ualimu wa shule ya msingi, wakati ule walimu walikuwa wanatafutwa sana. Watoto wa mwanzo waliniogopa kwa sauti yangu, kisha wakaizoea, kisha wakaiigiza nikigeukia ubao. Ile miaka miwili haijarudi mpaka leo. Nilimwandikia mama wa mwenzangu aliyefariki, kupitia shuleni, nikamwambia mimi ni nani. Alinijibu kwa upole sana, na akaomba nisimwandikie tena.

Hofu haikuondoka siku moja. Ilikuwa inarudi nikipata homa ya malaria, au nikiamka katika chumba nisichokizoea na kuona dari. Bibi alikuwa anajua. Alikuwa akiniona nimekaa hivyo, ananituma maji. Nikirudi na ndoo, alinituma kuni. Mwishoni nilimuuliza kwa nini ananitesa, akasema anataka aone kama nitakataa. "Msukule hakatai," akasema. Siku hiyo nilikataa. Alifurahi, na kuni akaenda kutafuta mwenyewe. Alikufa akiwa amelala kitandani kwake, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwanamke mzee sana mwenye macho mekundu, bila mtu kumgusa.

Baba mkubwa alikuja Geita miaka michache baada ya hapo, anasumbuliwa na macho. Shangazi alikuwa ameshahama, na hakuwa na pa kufikia ila kwangu. Nilikuwa nimeolewa, nina mtoto mmoja. Nilimpokea, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akigeuza kichwa kuitafuta sauti, maana alikuwa haoni vizuri. Alikaa nasi muda mrefu. Nilimpeleka hospitali, nilimtilia dawa asubuhi na jioni, na wakati wa kutia dawa ilibidi aegemeze kichwa kifuani kwangu.

Asubuhi moja tulikuwa wawili mezani. Mtoto alikuwa analia ndani. Baba mkubwa alishika kikombe bila kunywa.

"Nataka kukuuliza," akasema. "Usikasirike."

"Uliza, baba mkubwa."

"Wewe ndiye yule?"

Moyo ulinipiga kama siku ile uwanjani. Nilimtazama yale macho yenye ukungu, na nikaona kwamba safari hii hataweza kunichunguza usoni, atanisikia tu.

"Sijui," nikamwambia. "Nimejaribu kujua, nimeshindwa. Kunywa uji, unapoa."

Kisha akakipeleka kikombe mdomoni, akanywa, akaomba niongeze sukari.